Kafara la mama mkwe lilipozua hofu Kakamega

Juma lililopita jirani yangu hapa Kakamega alinijia na simu mkononi, uso umemkunjamana. Bintiye, aliyeolewa na Muirani, amerudi nyumbani kujifungua. Mama mkwe wake aliye Shiraz alikuwa amemwandikia, na mtu fulani akautafsiri ujumbe kwa kamusi, neno kwa neno: “Mama roho, azizi wangu, niwe kafara yako. Moyo wangu umekuwa mwembamba kwa ajili yako.”

Mwambie mjamzito habari za kafara uone kama atalala! Tena binti alishuku kwamba mkwewe ni mgonjwa wa moyo.

Nikaomba ujumbe wenyewe. Ulisema: “Maman jan, azizam, qorbanat beram. Delam barat tang shode.” Kila neno limefasiriwa sawa, ila ujumbe mzima umepotoka.

Hilo la kafara ndilo zito. “Qorban” ni ile kurubani tuijuayo, na asili ya kauli hiyo ni kwamba baya lolote linipate mimi kabla yako. Lakini Wairani huitamka kutwa kucha, hata wanapomuaga muuza duka kwenye simu, na hakuna anayefikiria madhabahu. Kwetu kafara lingali na damu na uchawi ndani yake. Basi nikaandika tu “nakupenda sana”. Nakiri kwamba wazo la kujitoa limepotea hapo, lakini afadhali lipotee kuliko mtu akose usingizi.

Moyo mwembamba nao si maradhi. Ndivyo Mwajemi asemavyo ana hamu na mtu. Vijana wetu wangesema “nimekumisi”. Mimi nilichukua neno la Mombasa, “nimekupeza”, maana lina uzee unaomfaa mama mkwe.

Kuna “azizam”. Kamusi inakuvuta kwenye azizi au laazizi, na asili ya Kiarabu ni moja kweli. Ila laazizi wetu amekaa mno kwenye taarabu. Mkwe akimwita mkazamwana laazizi, watu watatazamana. “Mwanangu” latosha.

Lililonifurahisha ni “maman”. Mama wa Kiajemi humwita mwanawe mama, na baba humwita mwanawe baba. Binti alidhani anakumbushwa uzazi. Lakini si sisi pia humwambia kitoto cha kike, “Kula, mama”? Hapo tafsiri sisisi ndiyo bora. “Jan”, ambalo peke yake ni roho au uhai, hapa linalainisha tu jina lililotangulia, kwa hiyo nililiacha. Mwajemi hurundika mapenzi matatu katika sentensi moja bila kuchoka. Kwetu la tatu huanza kunuka ombi la mkopo.

Jirani akaondoka na hili: “Mama, nakupenda sana mwanangu. Nimekupeza kweli.”

Jioni alinipigia. Binti ameusoma mara mbili, kisha akauliza Waajemi husemaje “nami pia”.