Kinachowasha Chini ya Mkanda wa Saa

Mtu akivua saa akakuta mkono unamwasha, hulaumu mkanda. Ukiwa wa mpira, atasema mpira haupatani naye. Ukiwa wa ngozi, atanunua wa nailoni. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu kilichomwasha hakikuwa mkanda wenyewe. Kabla ya kwenda dukani, tazama kwanza upele umekaa wapi na una umbo gani.

Upele unaouzunguka mkono kwa upana ule ule wa mkanda, wenye vipele vidogo au ngozi iliyolainika na kuchubuka, kwa kawaida hutokana na unyevu. Mwili ukilowa kwa saa nyingi ngozi yake hulegea, mkanda unausugua kila mkono unapokwenda, na chumvi ya jasho inazidisha mwasho. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hewa yenyewe ina maji mengi kiasi kwamba jasho lililobanwa halipati pa kukaukia. Tena si jasho tu. Anayetawadha mara tano kwa siku, muuguzi anayenawa baada ya kila mgonjwa, mama lishe anayeosha vyombo tangu alfajiri, wote hupitisha maji chini ya mkanda, na povu lisilosuuzwa hubaki pale mpaka jioni. Mimi naamini sabuni hiyo iliyosahaulika huchubua mikono mingi kuliko mpira wowote.

Upele wa namna hii hautaki dawa kali. Vua saa kabla ya kunawa au kutawadha, kausha mkono pamoja na upande wa ndani wa mkanda, ndipo uivae tena. Legeza tundu moja, mpaka kidole kiweze kupita kati ya mkanda na mkono. Usiku lala bila saa, na kama ngozi imeshachubuka, hamishia saa mkono wa pili hadi ipone. Usitegemee kuona wekundu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huo huonekana kama weusi uliokolea, ukijivu au zambarau, na upele ukishapona, baka jeusi linaweza kubaki miezi kadhaa. Baka lisilowasha wala kukwaruza si ugonjwa tena. Kulisugua kwa dodoki au kulipaka krimu ya kung'arisha ni kuanzisha jeraha jipya.

Upele wa mahali pamoja ni jambo jingine. Chukua mfano wa fundi cherehani wa Tanga mwenye kiduara cha upele, ukubwa wa sarafu, upande wa chini wa kifundo cha mkono. Kinamwasha hasa miezi ya joto. Alikuwa na mkanda wa ngozi, akabadili ukawa wa mpira, na upele ukabaki pale pale. Ukimuuliza zaidi utasikia kwamba hereni za bei rahisi humvimbisha masikio, na kifungo cha suruali ya jinzi huwahi kumtoa vipele chini ya kitovu. Hapo mwenye kosa ni nikeli, madini yanayotumika sana katika vyuma vya bei nafuu. Jasho lenye chumvi huyayeyusha kidogo kidogo kutoka kwenye bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda, nayo huingia mwilini kupitia ngozi. Kwa mtu ambaye mwili wake umeshaikataa nikeli, upele hutokea baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana wengi hawaunganishi sababu na matokeo. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu.

Kwa nini mkanda mpya haukumsaidia? Kwa sababu fundi saa, akitaka kumpunguzia gharama, alichomoa bizimu la zamani akalifunga kwenye mkanda mpya. Unaweza kujipima mwenyewe: funika upande wa ndani wa bizimu kwa plasta ya kitambaa, ubadilishe plasta kila inapolowa, na uangalie kwa wiki mbili. Upele ukififia, umempata mkosaji. Rangi ya kucha isiyo na rangi nayo huziba chuma, ila hubanduka upesi, hivyo si suluhisho la kudumu. Bora ni bizimu la titani au la plastiki, au mkanda wa nailoni unaofungwa kwa kitambaa cha kunasana. Kama mfuniko wa nyuma wa saa ndio unaowasha, tafuta mkanda wa nailoni wa kijeshi, ule ambao Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuwekea kiwango mwaka 1973. Mkanda huo hupita chini ya saa, kwa hiyo mgongo wa saa haugusi mwili.

Mizio ya mkanda wenyewe ipo pia. Ngozi nyingi za viwandani husindikwa kwa chumvi za kromiamu, na mpira huivishwa kwa kemikali ambazo baadhi ya watu hawazivumilii. Mtu anayewashwa na glavu za mpira ana sababu ya kuushuku mkanda wa mpira. Silikoni kwa kawaida haina kemikali hizo za kuivishia.

Sasa harufu. Jasho la mkononi likitoka halina harufu ya kusema. Uvundo huletwa na bakteria wanaokula jasho, mafuta na ngozi iliyokufa iliyogandamana chini ya mkanda. Ndiyo maana kunyunyizia manukato hakusaidii: chakula chao bado kipo.

Nailoni ndiyo rahisi kuliko zote. Ivue kwenye saa, iloweke dakika 15 katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, isugue kwa mswaki laini, hasa kwenye mikunjo na matundu, kisha isuuze mpaka maji yatoke bila povu. Iache ikauke kabisa, maana nyuzi zake hushika maji kuliko zinavyoonekana. Mpira haunywi jasho, lakini pia haulipitishi, kwa hiyo uoshe kila siku ya joto unaponawa jioni. Usiupake mafuta ya nazi wala ya mgando ili ung'ae. Mpira wa asili ukinywa mafuta huvimba na kudhoofika. Dawa ya mbu ya kujipaka nayo huharibu plastiki za aina nyingi, basi ipake kwanza, ikauke, halafu uvae saa.

Ngozi haitaki kulowekwa. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uilaze kivulini penye hewa, usiianike juani wala usiisogeze jikoni, kwa kuwa joto huikausha ikapasuka. Ukiwa na mikanda miwili, uvae kwa zamu ili kila mmoja upate siku nzima ya kukauka. Harufu ikishazama katika bitana ya ndani, hakuna siki wala spiriti itakayoitoa bila kuuharibu mkanda. Wakati huo ni wa kuutupa, na kwa mtu atokaye jasho sana pwani, ningemshauri ngozi aivae siku za sherehe tu.

Upele usiopungua baada ya wiki mbili bila saa, au unaotoa maji au usaha, upeleke hospitali. Usinunue krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali kwa kubahatisha. Kama ni fangasi, steroidi hutuliza mwasho huku fangasi wenyewe wakizidi kuenea, na daktari akija kuutazama umbo lake limeshabadilika. Daktari wa ngozi akishuku mzio anaweza kubandika kemikali mbalimbali mgongoni kwa siku mbili, kisha akasoma mahali palipovimba. Siku hiyo nenda na saa yako pamoja na mikanda yote uliyowahi kuvaa, hata ile uliyoacha kuitumia.