MAELEZO KWA MADEREVA: GEJI YA MAFUTA AU YA JOTO INAPOONYESHA VISIVYO

Madereva wa Serikali na wananchi wenye magari ya zamani, kama vile Landrova Series III, wanakumbushwa kwamba geji inayodanganya huweza kumwacha mtu njiani bila ya mafuta, au kuificha injini inayochemka. Kabla ya kununua geji mpya, inafaa kuchunguza kama ifuatavyo.

1. Tazama geji zote mbili. Katika magari hayo geji ya mafuta na ya joto hupata umeme kutoka kidhibiti kimoja kilichopo nyuma ya dashibodi, ambacho mafundi hukiita stebilaiza. Kazi yake ni kupunguza umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Ikiwa mishale yote miwili imepotoka pamoja, tuhuma ni ya kidhibiti. Ikiwa umepotoka mmoja tu, kidhibiti hakina hatia.

2. Mishale yote miwili ikizidi. Tuseme tangi lina nusu lakini geji yaonyesha limejaa, na mshale wa joto umekaribia alama nyekundu ilhali injini haijachemka. Mara nyingi kidhibiti kimekosa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, hivyo hupitisha volti 12 nzima. Hewa ya chumvi ya visiwani hutia kutu haraka mahali hapo. Fungua skrubu yake, kwangua hadi chuma king'ae, kisha kaza. Mishale isiporudi, badilisha kidhibiti. Mishale yote ikilala chini, tazama kwanza fyuzi na waya unaoleta umeme.

3. Mshale mmoja ukikosea. Zima swichi, chomoa waya wa sensa, kisha washa. Mshale ushuke mwisho. Zima tena, unga waya huo na bodi, kisha washa. Mshale utapanda polepole. Zima kabla haujafika mwisho, kwani geji huweza kuungua. Majibu yote mawili yakiwa hivyo, geji na waya ni nzima.

Hapo rudisha waya, na swichi ikiwa imezimwa unga kwa waya wa muda gamba la sensa na bodi. Ukiwasha na mshale ukasema kweli, kasoro ni athi. Ukibaki vile vile, sensa imekufa. Sensa ya joto hupata athi kupitia nyuzi zake za kukazia, hivyo isizungushiwe tepu ya bomba.

TAHADHARI: Kwenye tangi, kila waya uungwe au uchomolewe swichi ikiwa imezimwa, kwani cheche moja huweza kuwasha mvuke wa petroli.

Magari ya kisasa ambayo geji zake huongozwa na kompyuta yasipimwe kwa njia hii; yapelekwe kwa fundi mwenye vifaa vyake.