Kidonge cha Mafua, Usugu wa Tumboni

Sahani ndogo ya plastiki imetolewa asubuhi kwenye kifaa cha kuoteshea vimelea, ilikolala katika joto la nyuzi 35. Juu ya agari, bakteria aina ya E. koli kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa wametanda kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Vikaratasi viduara vya milimita 6, kila kimoja na dawa yake, vimepangwa juu yao. Kuzunguka baadhi pamebaki duara safi, hapakuota kitu. Kwenye kikaratasi cha ampisilini, mikrogramu 10, bakteria wameota hadi ukingoni.

Ampisilini hupimwa kwa niaba ya ndugu yake, amoksisilini. Kwa E. koli, duara la milimita 17 au zaidi huhesabiwa kuwa dawa inafanya kazi. Milimita 13 kushuka chini ni usugu. Hapa duara halipo kabisa.

Ili kuona kilichoharibika, lazima kwanza ijulikane dawa hii huua vipi. Bakteria huishi ndani ya ukuta uliofumwa kama wavu, uitwao peptidoglikani. Anapokua, vimeng'enya vingine huukata wavu ili utanuke, na vingine huziba kwa kuunganisha nyuzi mpya. Amoksisilini ina pete ya atomi nne, beta-laktamu, na umbo lake hufanana na ncha ya uzi ule. Kimeng'enya cha kuunganisha huidaka kwa kudhani ni uzi, pete inafunguka, na chenyewe kinanasa humo humo. Wakataji hawana habari, wanaendelea kukata. Wavu unatoboka, maji yanaingia kwa kasi, bakteria anapasuka. Ndiyo maana bakteria aliyetulia tu bila kukua haumii sana, na virusi vya mafua, visivyo na ukuta huo, havina cha kuharibiwa.

Bakteria sugu wa kwenye sahani ile ana kimeng'enya cha ziada, beta-laktamasi. Nacho huidaka pete, lakini hutumia molekuli ya maji kuivunja na kujinasua, kisha hurukia nyingine. Hukaa mlangoni kabisa, kati ya utando wa nje na wa ndani, mahali ambapo dawa haina budi kupita. Wala silaha hii haikuzaliwa kwenye maduka ya dawa: Abraham na Chain waliieleza mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kuuzwa. Dawa haifundishi bakteria usugu. Huwachagua walio nao tayari.

Uchaguzi huo mara nyingi hufanyika mahali ambapo hakuna anayetazama. Tuseme mama mmoja ana mafua. Ananunua amoksisilini, vile vidonge vya rangi mbili, anameza siku tatu, mafua yanaisha kwa wakati wake kama ambavyo yangeisha bila dawa. Ila dawa imepita tumboni, ambako E. koli huishi kwa amani. Wasio na beta-laktamasi wamekufa kwa wingi. Wachache wenye nayo wamebaki na nafasi na chakula. Maabarani seli moja ikigawanyika kila dakika 20, baada ya saa 8 huwa zaidi ya milioni 16. Tumboni mwendo ni wa taratibu, lakini hesabu ni ile ile.

Kuna jambo baya zaidi. Jeni ya beta-laktamasi mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipete cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake kwa kugusana tu, hata akiwa wa jamii nyingine. Mojawapo ya vimeng'enya hivi vilivyoenea sana duniani, TEM-1, kilitambuliwa Athene, Ugiriki, miaka ya 1960.

Wiki tatu baadaye mama yule anasikia mkojo unamchoma. Bakteria wametoka tumboni mwake mwenyewe, wakapanda njia ya mkojo. Anapewa amoksisilini, siku ya tatu hajapata nafuu. Hapo watu husema mwili wake umeizoea dawa. Mwili haukuzoea chochote.

Tiba moja ni kumtega mhalifu. Kidonge cha miligramu 625 kina amoksisilini 500 na asidi ya klavulaniki 125. Asidi hii nayo ina pete, lakini yenyewe haiui sana, ni chambo. Beta-laktamasi huidaka, inashindwa kuiachia, na amoksisilini inapita. Mtego huu una mipaka: vimeng'enya vya kundi la AmpC haviunasi, na kwa hao daktari hulazimika kutafuta dawa ya aina nyingine.

Kwa mwanafunzi aliyesimama dirishani na cheti mkononi, dalili za mama huyu hazitofautiani na za mgonjwa wa E. koli asiye sugu: mkojo unachoma, anakwenda msalani mara kwa mara. Kinachoweza kumshtua kabla sahani haijaotesha kitu ni jibu la swali moja: "Mama, miezi mitatu hii iliyopita umemeza antibiotiki yoyote, hata ya mafua?"