Mahubiri ya Dakika 45 Ndani ya Kipindi cha Dakika Kumi

Mchungaji akisimama madhabahuni Jumapili, saa haimsumbui sana. Atasalimia, atawashukuru wanakwaya, atasoma neno, atasimulia, atarudia, waumini wataitikia, na akimaliza dakika 45 zimekwisha bila mtu kulalamika. Mahubiri hayo hayo yakipelekwa redioni hupewa dakika kumi, na huko saa ndiyo bosi. Dakika ya kumi ikifika taarifa ya habari inaanza, mhubiri awe amemaliza au hajamaliza.

Hata hizo kumi si zake zote. Muziki wa kufungulia kipindi na maneno ya mtangazaji huchukua kama sekunde 40. Mwishoni mtangazaji humtaja mhubiri na usharika, kisha muziki wa kufungia, kama sekunde 50. Zinazobaki ni dakika nane na nusu. Mhariri ana kazi ya kuondoa zaidi ya robo tatu ya alichosema mchungaji, na bado msikilizaji aliye shambani au ndani ya daladala apate neno lile lile walilopata waliokaa kanisani.

Tuchukue mfano wa mahubiri juu ya Luka 15, habari ya baba mwenye wana wawili, na tuyagawe jinsi mahubiri ya habari hiyo yanavyogawanyika mara nyingi. Salamu na shukrani zinakula dakika nne. Kusoma aya ya 11 hadi ya 32, aya 22 nzima, kunachukua nne nyingine. Mhubiri anatumia dakika sita kueleza kwamba Yesu alisimulia mifano hii kwa sababu Mafarisayo na waandishi walinung'unika alipokula na wenye dhambi. Anakaa dakika 12 kwa mwana mdogo: urithi, nchi ya mbali, njaa, nguruwe. Dakika nne ni za baba kumkimbilia mwanawe njiani, na nane ni za mwana mkubwa. Baada ya hapo unafuata ushuhuda wa muumini kwa dakika tatu na wito kwa dakika nne.

Mhariri asiye na uzoefu ataanza na mkasi. Atatupa salamu, atafupisha usomaji, kisha atafuata pale ambapo kanisa lilichangamka zaidi, na hapo karibu siku zote ni kwa nguruwe. Dakika nane zitajaa upesi, nzuri, zenye vicheko na "amina" za nguvu. Lakini mwana mkubwa anatajwa kwa mara ya kwanza dakika ya 30, na kwa mhubiri huyu yeye ndiye aliyekuwa shabaha.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kukata chochote. Mhariri husikiliza mahubiri yote mara moja, mikono ikiwa mbali na kibodi, kisha anaandika sentensi moja inayobeba ujumbe. Neno "toba" peke yake halitoshi, kwa maana hiyo ni mada, na mada moja inaweza kubeba mahubiri mia tofauti. Sentensi lazima iseme nani anafanya nini. Katika mfano wetu ingekuwa hivi: baba aliyemkimbilia mwana aliyepotea ndiye huyo huyo aliyetoka nje kumbembeleza mwana aliyebaki nyumbani akiwa na kinyongo. Sentensi hii ikishaandikwa, hesabu ya dakika inageuka. Vinara wake ni wawili tu, yaani aya ya 20, baba anapokimbia, na aya ya 28, baba anapotoka nje kwa mara ya pili. Dakika 12 za nchi ya mbali zinabaki kuwa njia ya kutufikisha hapo.

Akisikiliza mara ya pili mhariri huweka alama. Kwenye programu ya Audacity, ambayo studio nyingi ndogo huitumia kwa kuwa haiuzwi, kubonyeza Ctrl+M wakati sauti inaendelea huacha alama mahali hapo, na pembeni yake anaweza kuandika "baba anakimbia" au "wito unaanza". Zamani za mkanda wa sauti kazi hii ilifanywa kwa penseli ya nta, na mkato ukafanywa kwa wembe na utepe wa gundi. Kwenye mkanda uliokwenda sentimita 19 kwa sekunde, neno moja lilikuwa na urefu wa kupimwa kwa rula. Wakati ule mtu alifikiri sana kabla ya kushika wembe, na ni desturi inayostahili kubaki hata sasa ambapo mkato unaweza kurudishwa kwa kubonyeza mara moja.

Mgawanyo mpya unaweza kuwa huu. Mtangazaji anapewa nusu dakika ya kutufungulia kisa, mwana mdogo anapata dakika moja, baba anayekimbia mbili, na mwana mkubwa dakika tatu na sekunde 40. Wito unapata dakika moja na sekunde kumi. Zinabaki sekunde kumi za akiba. Mwana mkubwa, aliyekuwa na theluthi moja ya muda ambao mhubiri alitumia kusimulia kisa, sasa ana karibu nusu ya kipindi. Kufupisha kila sehemu kwa kiwango kilekile kungeonekana kuwa haki kwa wote, lakini kungeacha mahubiri yaliyonyauka kila mahali na hayana kilele.

Usomaji wa neno unaumiza zaidi, kwa kuwa hakuna anayependa kukata Maandiko. Hata hivyo aya 22 zikisomwa zote zinameza karibu nusu ya muda uliopo. Suluhisho la heshima ni mtangazaji kutaja sura na aya zote mwanzoni, ili mwenye Biblia afungue, kisha mhubiri asikike akisoma zile aya mbili tu zilizobeba ujumbe.

Zile dakika sita za Mafarisayo nazo zina siri. Zinasikika kama utangulizi wa kutupwa, ila zikiondoka zote, mwana mkubwa anabaki mtu mwenye wivu tu, na msikilizaji hatajua kwa nini Yesu alimweka ndani ya kisa. Nguzo hii inahitaji sentensi moja, na mtangazaji anaweza kuibeba katika nusu dakika yake kwa kusema kwamba Yesu alikuwa akiwajibu watu wa dini walioudhika kumwona mezani na wenye dhambi. Vivyo hivyo na jambo dogo la mwisho wa kisa: Luka hasemi kama mwana mkubwa aliingia ndani au hakuingia. Mhubiri ameuegemeza wito wake wote hapo. Sekunde 15 za maelezo hayo zikikatwa, wito unaning'inia hewani.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Mhubiri akishamtaja mwana mkubwa mara moja, anaweza kuendelea dakika nzima kwa vitenzi tu: alikasirika, akagoma, akabaki nje. Kanisani hakuna anayepotea. Sasa mhariri akate, aunganishe mwisho wa sehemu ya baba na neno "alikasirika", na redioni aliyekasirika anakuwa baba. Mahubiri yamepinduliwa kwa mkato mmoja ulio safi kabisa kwa sikio. Dawa ni kurudi nyuma hadi pale jina lilipotajwa na kuanzia hapo, hata kama inagharimu sekunde 20. Pasipopatikana jina, mtangazaji aingie kwa sentensi fupi ya kumtambulisha. Maneno kama "kama nilivyotangulia kusema" na "jambo la tatu" hayana madhara makubwa, lakini yanamwambia msikilizaji kwamba ameibiwa kitu, na ni heri yaondoke.

Hatari kubwa kuliko zote ni pale mhubiri anaposema maneno ya mtu mwingine ili ayapinge. "Wapo wanaosema Mungu amechoka na watu wa namna hii," anasema, kisha anaivunja hoja hiyo kwa dakika mbili. Ukipotea mwanzo wa sentensi, au zikipotea dakika mbili za majibu, mchungaji anasikika wilaya nzima akifundisha alichokuwa anakikataa. Hoja ya namna hii iingie yote pamoja na jibu lake, au itoke yote.

Ushuhuda nao unahitaji uangalifu wa aina yake. Mama aliyesimuliwa kanisani, pamoja na ugonjwa wake na ugomvi wa nyumbani kwake, alisimuliwa mbele ya watu wanaomfahamu na kumbeba. Redio inafika hadi kwa mwajiri wake na wakwe zake. Katika mfano wetu ushuhuda unatoka kwa sababu ya muda, lakini hata ungekuwapo muda, usingepaswa kurushwa mama huyo hajaulizwa.

Baada ya maneno huja sauti. Kanisa lenye kuta za matofali na paa la bati lina mwangwi. Neno likikatwa pale pale linapoishia, mkia wa mwangwi unanyofolewa na sikio linashtuka hata kama msikilizaji hawezi kueleza kilichotokea. Mhariri hukata kabla tu ya mhubiri kuvuta pumzi, akiacha mkia umalizike, na pengo linalobaki hulijaza kwa ukimya wa kanisa lile lile, ule unaopatikana mhubiri anapogeuza kurasa. Kimya cha kompyuta hakifai, maana hicho ni kimya kitupu na kinasikika kama kituo kimezimika. "Amina" ya waumini pia inaweza kuwa daraja zuri. Ila sauti ya dakika ya nane, yenye utulivu, haishikamani na ya dakika ya 40, iliyokauka kwa kupaza. Zikiwekwa bega kwa bega huonekana ni watu wawili. Hapo sentensi moja ya mtangazaji katikati humpa msikilizaji nafasi ya kukubali mabadiliko hayo.

Mahubiri mengine hayakubali kufupishwa namna hii. Yale yenye hoja tatu zinazolingana uzito yanafaa vipindi vitatu, au hoja moja ichaguliwe na nyingine zisitajwe kabisa. Yale yenye hoja inayojengwa hatua kwa hatua, kila hatua ikisimama juu ya iliyotangulia, ni afadhali mchungaji aje studio na kurekodi upya. Kwa mwendo wa maneno kama 100 kwa dakika, dakika nane na nusu ni maandishi ya maneno 850 hivi, ingawa kila mhubiri apimwe kwa mwendo wake mwenyewe. Atakachopoteza ni joto la waumini, na wahubiri wengi mbele ya ukuta wa studio husinyaa, wakasoma kama tangazo la mkutano.

Kabla ya kurushwa, kipindi kinapita kwa watu wawili. Wa kwanza ni mchungaji mwenyewe, kwani maneno ni yake na jina litakalotajwa ni lake. Wa pili awe mtu ambaye Jumapili ile hakuwepo kanisani. Asikilize mara moja, akiwa anafanya kazi zake kama wasikilizaji wa kweli, kisha aombwe aeleze kwa sentensi moja alichosikia. Akimtaja baba anayetoka nje, mahubiri yamefika. Akisimulia nguruwe, mhariri anarudi kwenye alama zake, anamkata mwana mdogo hadi sekunde 40, na sekunde 20 anazopata anampa baba anapotoka nje kwa mara ya pili.