Virunga yafungwa kwa watalii hadi mwaka 2019

GOMA – Hifadhi ya taifa ya Virunga haitapokea tena watalii mwaka huu. Mkurugenzi wake, Emmanuel de Merode, ametangaza Jumatatu hii, tarehe 4 Juni 2018, kwamba wageni watarudi mwaka 2019, baada ya ulinzi kuchunguzwa upya na kuongezwa.

Utalii ulisimamishwa baada ya shambulio la tarehe 11 Mei, kaskazini mwa Goma. Mlinzi mmoja wa kike aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa, kisha wakaachiliwa siku mbili baadaye. Mwanzoni ilisemwa kufungwa huko kungedumu hadi tarehe 4 Juni tu.

Wakati wenyewe ni mbaya. Kazi hii hupungua wakati wa mvua, na Juni, kiangazi kinapoanza, ndipo watu hupanda Nyiragongo kwa wingi. Mtalii hulipa dola 300 kupanda volkano hiyo, na dola 400 kuona sokwe wa milimani. Kule Kibati, njia ya kupanda inakoanzia, wabeba mizigo hulipwa kwa safari. Bila mgeni, hakuna malipo. Walinzi wao wanaendelea na doria.

Mwezi wa kufungua haujatajwa.