Aombwaye Hongo na Siri ya Jina Lake

Tuchukue mfano wa mwenye mkahawa katika mji mdogo. Ada ya leseni amelipa, risiti anayo mfukoni, lakini afisa wa afya anayepaswa kutia sahihi amemwambia waziwazi kwamba karatasi zake hazitaonekana mpaka atoe shilingi 5,000 za chai. Mtu huyu hataki kutoa, wala hataki kunyamaza. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba afisa huyo ndiye atakayekuja kukagua jiko lake mwaka mzima. Je, akienda kushtaki, jina lake litafika wapi?

Kwanza ajue kwamba hana haja ya kutoa pesa ili kosa litimie. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani afisa kwa kule kudai tu. Akitoa kwanza ndipo aripoti, atakuwa ameupoteza ushahidi ulio bora, na yeye mwenyewe atakuwa ametenda kosa la kutoa hongo.

Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina njia mbili ambazo wananchi aghalabu huzichanganya. Ya kwanza ni kuripoti bila jina kupitia tovuti yake. Mlalamishi hujichagulia jina la bandia na neno la siri, kisha hufunguliwa sanduku ambalo yeye na wapelelezi huandikiana humo bila wao kumjua. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa hutuma malalamiko yao wakaenda zao. Mpelelezi huuliza siku gani, ofisi gani, maneno gani yalitamkwa, na swali hubaki sandukuni bila jibu. Malalamiko ya namna hiyo hayana miguu ya kusimamia.

Siri nayo aghalabu huvujishwa na mwenyewe. Mwenye mkahawa wetu akiambatisha picha ya risiti yenye jina lake, au akiandika kwamba yeye ndiye aliyeombwa pesa Jumanne saa nne mbele ya karani, amejitaja bila kujua. Afadhali aeleze mwenendo wa afisa, kiwango anachodai na wateja anaowatoza, wala asitumie kompyuta ya mtu mwingine. Na asimsimulie jirani! Nimeona siri zikifia katika meza ya chai kuliko mahali pengine popote.

Njia ya pili ni mtego. Mlalamishi hufika mwenyewe, huandikisha taarifa, kisha hupewa kinasasauti akazungumze na afisa ili dai lisikike kwa kinywa cha mdai. Sauti ikitosheleza, noti hunakiliwa namba zake, hupakwa unga maalumu, naye hukabidhiwa akazipeleke. Afisa akizipokea, wapelelezi humkamata na kumpangusa mikono kwa pamba, ambayo hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Ushahidi huu una nguvu, lakini msomaji ameona tatizo lake: aliyezishika noti hizo anamjua vyema aliyempa. Kesi ikifika mahakamani, mlalamishi huitwa kizimbani kama shahidi, na wakili wa mshtakiwa atamhoji. Katika njia hii siri hudumu hadi siku ya kukamatwa, haipiti hapo.

Baada ya hapo kinachomkinga ni sheria. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinakataza kumchukulia hatua mtu kwa sababu ya habari alizoipa Tume, na shahidi halazimishwi kumtaja mtoa habari. Hata hivyo mahakama inaweza kuliondoa pazia hilo ikiona haki haiwezi kutendeka pasipo hivyo, na asemaye uongo kwa kujua hana kinga yoyote. Sheria ya 2016 nayo inamtoza faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, amwonevuaye au amtishaye shahidi. Vitisho vikizidi, kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, ambalo halikuundwa kwa kesi za ufisadi pekee.

Mimi ningemshauri mwenye mkahawa aanze na sanduku. Aandike, arudi baada ya siku chache kusoma maswali, na humo humo aulize kama kuna walalamishi wengine dhidi ya afisa huyo, ingawa huenda asijibiwe. Tume ikiwa na njia nyingine ya kumnasa, jina lake halitahitajika kamwe. Wapelelezi wakimwambia kwamba bila yeye hakuna kesi, hapo ataamua kama atajitokeza, akijua analotenda. Neno la siri asilipoteze, maana huko hakuna wa kumrudishia. Itambidi afungue sanduku jipya na kusimulia upya.