Spika ya Pili Haiisikilizi Simu Yako

Ukiunganisha spika mbili za Bluetooth ziwe stirio, moja kushoto na moja kulia, matatizo huja kwa sura mbili. Ama moja inakatikakatika huku mwenzake inaendelea kuimba, ama zote zinaimba lakini moja iko nyuma kidogo, hadi kila pigo la ngoma unalisikia mara mbili. Wengi wetu hapo tunaanza kuhangaika na simu: tunaisogeza, tunaizima, tunaiwasha. Mara nyingi hakibadiliki kitu, kwa sababu ugomvi hauko kwenye simu.

Katika jozi nyingi zinazouzwa madukani, zile zilizoandikwa TWS kwenye boksi, simu inazungumza na spika moja tu. Tuiite spika kuu. Simu huipa wimbo mzima, upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Spika kuu huchukua upande wake, halafu hurusha uliobaki hewani kwenda kwa mwenzake, kwa Bluetooth ileile. Ni kupokezana ndoo kisimani: wa mwisho hapati maji mpaka wa katikati ayapate kwanza. Fungua orodha ya Bluetooth kwenye simu na utaona jina moja tu limeunganishwa. Hiyo ya pili simu haina habari nayo.

Niliona jinsi jambo hili linavyoweza kuwazungusha watu kwenye sherehe ya ubatizo kwa jirani yetu, Kimara. Ua wake ni mrefu, mita 14 hivi. Spika moja iliwekwa juu ya kiti cha plastiki karibu na geti, nyingine juu ya kiti kama hicho barazani. Asubuhi wakati wa kujaribu, muziki ulikuwa safi kabisa. Saa nane wageni walipojaa, ile ya barazani ikaanza kukata. Kijana aliyeshika muziki alikuwa ameketi palepale barazani, simu mkononi.

"Dogo, hiyo spika si ipo miguuni kwako, inakataje?" mama mwenye shughuli akamuuliza.

"Hata mimi sielewi, mama. Chaji ipo ya kutosha."

Spika kuu ilikuwa ile ya getini. Sauti ilikuwa inatoka barazani kwenye simu, inavuka ua mzima mpaka getini, kisha nusu yake inavuka ua uleule kurudi barazani, kwenye spika iliyo hatua moja kutoka pale ilipoanzia. Na katikati ya ua kuna watu themanini na mahema.

Watu ndio waliobadilisha hali kati ya asubuhi na saa nane. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hunywewa sana na maji, nao mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Mtu mmoja akipita, mawimbi huzunguka na kufika kwa kugonga ukuta au dari. Uani hakuna dari, na spika iliyo juu ya kiti iko usawa wa mapaja na viuno vya wageni. Ukuta wa watu ukisimama hapo, kinachovuka ni kidogo mno.

Mbona spika kuu haikukata, wakati nayo ilipokea kutoka mbali? Kwa sababu kipande cha sauti kisipofika hurudiwa kutumwa, na kila spika huweka akiba ndogo ya muziki, kwa kawaida chini ya robo sekunde, ili marudio hayo yasisikike. Spika kuu ikipokea kwa shida, muda mwingi wa hewani unaishia kwenye marudio kutoka kwa simu. Muda unaobaki wa kumrushia mwenzake unapungua, na huko nako kuna marudio. Akiba ya spika ya pili inakwisha kwanza. Kwa hiyo hata njia mbovu ikiwa ni ile ya simu na spika kuu, anayenyamaza mapema huwa ni yule wa mwisho kwenye foleni.

Kujua ipi ni kuu ni rahisi. Zima spika moja huku wimbo ukiendelea. Ukiwa umezima ya pili, kuu itaendelea kuimba. Ukizima kuu, kwa kawaida zote zinanyamaza, ingawa zipo jozi zinazojua kukabidhiana kazi baada ya sekunde chache. Kuibadilisha nako si kazi: vunja muungano wa spika, uzifute kwenye simu, kisha uanze upya. Katika jozi nyingi, ile unayobonyeza kitufe cha kuunganisha ndiyo inayokuwa kuu, na simu unaiunganisha mwishoni, baada ya spika kukubaliana zenyewe. Ukianza na simu, baadhi ya jozi hukataa kabisa kuonana.

Pale Kimara, ya barazani ilifanywa kuu, ikapandishwa juu ya kabati, na ya getini ikatundikwa kwenye nguzo ya hema, juu ya vichwa vya watu. Kukata kukaisha. Zikija nyumba zilizobanana kuna adui mwingine ambaye huwezi kumpandia juu: Wi-Fi za majirani. Bluetooth huruka kati ya njia 79 mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa zile zenye kelele, lakini ruta moja ya gigahezi 2.4 inaweza kukalia njia 20 hivi kwa mpigo. Majirani watatu wakijipanga vizuri, pa kukimbilia ni padogo. Ruta yako ukiihamishia kwenye gigahezi 5, angalau umepunguza mmoja.

Halafu likaja lalamiko la pili. Wazee waliokaa karibu na geti wakasema wimbo una mwangwi. Ya barazani inachelewa, wakasema. Walioketi barazani nao wakasema hapana, inayochelewa ni ya getini.

Kila upande ulikuwa unasikia kweli. Katika joto letu sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo mita 14 huzila kwa milisekunde 40 hivi, yaani sehemu 40 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Ukikaa jirani na spika moja, ya mbali itakufikia imechelewa kiasi hicho hata kama zote mbili zimetoa sauti kwa wakati mmoja. Sikio husamehe ucheleweshaji mdogo: sauti mbili zikipishana kwa milisekunde chache tunazisikia kama moja, inayotoka upande uliotangulia. Kuanzia milisekunde 30 au 40, maneno na mapigo makali huanza kusikika mawili. Hakuna kitufe cha kutibu hilo. Dawa ni kuzisogeza spika ziwe mita tatu au nne kati yake, zote zikitazama upande mmoja. Na kwa maoni yangu stirio haina kazi kwenye shughuli ya uani. Aliyekaa kushoto anakosa nusu ya wimbo, na mara nyingine nusu hiyo ndiyo yenye gitaa. Kama spika zako zina hali ya kupiga kitu kilekile zote mbili, tumia hiyo.

Ili kutenganisha uchelewaji wa hewa na wa mashine, weka spika mbili bega kwa bega, simama mbele yake katikati, upige sauti ya kugonga kama tik-tik ya metronomu. Kwenye simu ya Android washa kwanza `Mono audio` ndani ya mipangilio ya `Accessibility`, ili kila spika ipate mgongo uleule. Ukisikia mgongo mmoja, spika ziko sawa na tatizo lilikuwa umbali. Ukisikia miwili, mashine zenyewe zinapishana. Anayetaka kipimo arekodi kwa simu nyingine, afungue rekodi kwenye programu ya bure ya Audacity na kuikuza: vilele viwili vitaonekana, na nafasi kati yake inasomeka kwa milisekunde.

Mashine zikipishana, angalia kama tofauti ni ileile tangu wimbo unaanza au inakua. Ikiwa ni ileile, rudi kwenye orodha ya Bluetooth. Ukikuta majina mawili yameunganishwa, spika zako hazimo kwenye stirio hata kidogo. Simu ndiyo inayozitumia kila moja kivyake, jambo ambalo baadhi ya simu, zikiwemo za Samsung, hulifanya kwa huduma ya `Dual audio`. Hapo kila spika inacheza kwa akiba yake na hakuna anayezipatanisha. Zima huduma hiyo, uziunganishe zenyewe kwa zenyewe.

Tofauti inayokua ni ya saa. Kila spika ina fuwele yake inayohesabu muda, na hakuna fuwele mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, kwa saa moja zimeachana milisekunde 72. Spika nzuri hujirekebisha muda wote kwa kufuata saa ya mwenzake. Zilizotengenezwa kwa haraka hufanya hivyo ovyo, au hupoteza mahesabu kila mawasiliano yanapokatika kidogo. Dalili yake ni kwamba ukisimamisha wimbo sekunde kadhaa na kuurudisha, zinapatana tena, kisha baada ya muda zinaanza kuachana. Kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya spika, isakinishe kwenye zote mbili, maana jozi yenye programu za matoleo tofauti haitabiriki. Kama hajatoa, utaishi na kusimamisha na kurudisha.

Kuna ukataji mmoja usiohusu mawimbi kabisa. Betri iliyochoka huonyesha chaji imejaa, lakini besi nzito ikigonga inaomba umeme mwingi kwa ghafla, volti inaanguka na spika inajizima. Tofauti unaisikia: spika iliyopoteza mawimbi hurudi kimyakimya au hutangaza kuunganishwa, ila iliyoishiwa nguvu hurudi na salamu yake ya kuwaka, kama imebonyezwa upya, tena kama imerudi yenyewe. Punguza sauti kwa theluthi moja. Ikitulia, mpelekee fundi wa betri.

Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa Januari 2020, umeiondoa ile safari ya pili. Simu hutuma mikondo miwili, kila spika na wake, ikiambatanisha wakati wa kuutoa ili zote zitoke pamoja. Kwa anayeenda dukani sasa, boksi kuandikwa Bluetooth 5.3 hakutoshi, kwani LE Audio ni hiari ya mtengenezaji. Tafuta jina LE Audio lenyewe, au Auracast, na uhakikishe simu yako nayo inalo, vinginevyo spika zitarudi kupokezana ndoo.